Namba ndefu si lazima iwe ya kweli: acheni kufupisha takwimu za kaunti ovyo

Ukambani kuna Mukuyuni ya Makueni na kuna Mukuyuni ya Kitui. Jina ni lile lile, la mti wa mkuyu, na ukisema tu "mimi ni wa Mukuyuni", mwenzako ana haki ya kukuuliza: ya upande upi? Swali kama hilo ndilo tunalopaswa kuuliza kila mara bango, video fupi au ujumbe wa WhatsApp unapotupa namba kubwa kuhusu kaunti zetu. Namba hiyo ni ya mwaka gani? Imekatwa wapi? Na je, baada ya kukatwa bado inasema kile ilichosema mwanzo?

Nauliza kwa sababu sisi vijana ndio tunaofupisha siku hizi. Ripoti ya kurasa mia mbili ikitoka, mzee hapakui faili. Anasubiri muhtasari wa kijana wa grupu. Kisha muhtasari huo ndio unaoingia nao kwenye kikao cha wananchi kujadili bajeti, na hapo watu wanasimama na kusema "wenzetu wa ng'ambo ile wanapewa zaidi". Namba ikiwa imeharibika kwenye simu yako, imeharibika pia kwenye kikao.

Msimamo wangu ni huu: kufupisha namba ni lazima, lakini kuna kukadiria na kuna kukatakata. Halafu kuna kosa la tatu ambalo watu wengi hawalioni kama kosa, nalo ni kuonyesha usahihi ambao haupo. Wacha nitumie namba halisi za Makueni na Kitui.

Tuanze na sensa ya mwisho, ile ya usiku wa Agosti 24 kuamkia 25, mwaka 2019. Makueni ilihesabiwa watu 987,653. Kitui ilihesabiwa 1,136,187. Kenya nzima ilikuwa 47,564,296.

Mara ngapi umesikia "Wakenya milioni 47"? Inaonekana safi, lakini hiyo si kukadiria, ni kukata mkia. Namba ikiwa 47,564,296, imeshavuka nusu ya njia kwenda 48, kwa hivyo ukitaka milioni nzima, jibu ni milioni 48. Ukitaka kuwa karibu zaidi, sema milioni 47.6. Huo mkia tuliotupa, wa watu 564,296, ni zaidi ya nusu ya Makueni yote. Hebu fikiria mtu afute nusu ya kaunti yako kwa sababu tu tarakimu zilikuwa nyingi kwenye slaidi.

Kanuni tulifunzwa shule ya msingi: unachagua mahali pa kusimama, unaangalia tarakimu inayofuata, ikiwa 5 au zaidi unapanda, ikiwa chini ya 5 unabaki. Makueni kwa maelfu ni 988,000, si 987,000. Kanuni hii haina shida. Shida ni kuchagua mahali pa kusimama, na hapo ndipo muhtasari mwingi unapoanguka.

Makueni peke yake, "karibu milioni moja" ni maneno mazuri kabisa. Mtu anaelewa ukubwa wake bila kuumwa kichwa. Lakini weka Makueni kando ya Kitui, kisha useme kila moja ina "kama milioni moja hivi". Ukichukua milioni nzima ndiyo kituo chako, si uongo: 987,653 na 1,136,187 zote zinaangukia milioni 1. Ila msomaji ataondoka akiamini kaunti hizi zinalingana kwa watu, ilhali Kitui iliizidi Makueni kwa watu karibu 150,000. Kila namba imekadiriwa sawasawa, lakini zikikaa pamoja zinadanganya.

Kwa hivyo mahali pa kusimama hapategemei urefu wa namba. Panategemea swali. Ukiwa unalinganisha vitu viwili, angalia kwanza tofauti yao, kisha ukadirie kwa kipimo kilicho kidogo kuliko tofauti hiyo. Hapa tofauti ni kama laki moja na nusu, kwa hivyo kukadiria hadi milioni kunaimeza yote. Kukadiria hadi makumi ya maelfu kunaiacha hai: 990,000 dhidi ya 1,140,000. Na zote mbili zipewe kipimo kimoja. Usiandike "987,653" upande mmoja na "milioni 1.1" upande wa pili, kwa sababu msomaji ataona kama moja imehesabiwa na nyingine imebuniwa.

Sasa twende kwenye pesa, maana hapo ndipo joto hupanda.

Katika mwaka wa fedha wa 2021/22, kaunti zote 47 ziligawana Sh370 bilioni kutoka kwa serikali kuu, kwa kutumia fomula mpya ambayo Seneti ilibishania kwa wiki nyingi mwaka 2020. Makueni iligawiwa Sh8,132,783,562. Kitui iligawiwa Sh10,393,970,413. Namba hizi si makadirio. Ni mgao wa kisheria, uliopigwa hesabu hadi shilingi ya mwisho, na kila tarakimu pale ina maana. Lakini hakuna anayeweza kukumbuka tarakimu kumi akiwa kwenye kikao, kwa hivyo tunafupisha.

Mtu mwenye haraka ataandika: "Kitui bilioni 10, Makueni bilioni 8, tofauti bilioni 2." Inasikika poa, si ndio? Sasa toa zile namba kamili kwanza. Tofauti ni Sh2,261,186,851, yaani karibu Sh2.3 bilioni. Mwandishi wetu amepoteza zaidi ya Sh260 milioni kwa kukadiria kabla ya kutoa. Hakuna aliyeiba chochote, lakini milioni hizo zimetoweka kwenye mjadala, na ni pesa ambazo mtu angeweza kuziuliza.

Kinachotokea ni rahisi kuelewa. Kila ukikadiria unaongeza kosa dogo. Sh10.39 bilioni ikishushwa hadi 10 inapoteza karibu milioni 400. Sh8.13 bilioni ikishushwa hadi 8 inapoteza takriban milioni 130. Makosa hayo mawili hayalingani, kwa hivyo hayafutani, na yale yanayobaki yanaangukia kwenye tofauti. Na kwa sababu tofauti ni ndogo kuliko namba zenyewe, kosa lile lile linaonekana kubwa zaidi pale. Dawa yake ni moja: piga hesabu zote kwa namba kamili, kisha ukadirie jibu la mwisho, mara moja tu. Usikadirie kile ambacho kilishakadiriwa na mwingine. Ukipata "bilioni 2" kwenye posti ya mtu, hiyo si mahali pa kuanzia hesabu. Rudi kwenye jedwali la asili.

Angalia jinsi kosa linavyozidi kukua ukiendelea kulitumia. Mtu anataka kujua kila kichwa kimepata ngapi. Akitumia zile namba zake za haraka, Kitui ni bilioni 10 kwa watu milioni 1.1, ambayo ni kama Sh9,090. Makueni ni bilioni 8 kwa watu milioni 1, ambayo ni Sh8,000. Anaandika kwa herufi kubwa kwamba mtu wa Kitui amemzidi wa Makueni kwa zaidi ya Sh1,000. Ukitumia namba kamili, Kitui ni kama Sh9,148 na Makueni kama Sh8,234. Pengo ni kama Sh900. Bado lipo, na bado linafaa kujadiliwa. Lakini lile la elfu moja na ushei lilitengenezwa na kalamu.

Tena pengo lenyewe si lazima liwe upendeleo. Fomula haikuangalia idadi ya watu peke yake. Ilitazama pia vitu kama umaskini na ukubwa wa ardhi, na Kitui ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000 wakati Makueni ina kama 8,000. Hata namba iliyokadiriwa vizuri haikuelezi sababu yake.

Sasa hapa ndipo nataka tusimame kidogo, kwa sababu kuna rafiki yangu msomaji ambaye amefurahi. Anasema: "Basi nitakuwa naandika kila kitu kamili. Makueni, Sh8,234.45 kwa kila mtu. Hakuna atakayenibishia." Ndugu yangu, hilo ndilo kosa la tatu, na ndilo baya zaidi kwa sababu linavaa suti.

Hizo Sh8,234.45 zimetoka wapi? Umechukua pesa za mwaka wa 2021/22 ukazigawa kwa watu waliohesabiwa Agosti 2019. Kikokotoo hakijui hilo. Kitakupa senti, na hata ukitaka tarakimu kumi baada ya nukta kitakupa. Lakini kati ya sensa na bajeti hiyo, watoto walizaliwa, watu walifariki, wengine walihamia Nairobi na wengine wakarudi nyumbani.

Tunaweza kupima ni kiasi gani jibu linayumba. Mwaka 2009 Makueni ilihesabiwa watu 884,527. Hadi 2019 waliongezeka 103,126, ambayo ni wastani wa asilimia 1.1 hivi kwa mwaka. Tuseme waliendelea kwa mwendo huo huo kwa miaka miwili. Kufikia 2021 wangekuwa takriban 1,010,000. Gawa pesa zile zile kwa watu hao, na unapata kama Sh8,050. Ona sasa: tarakimu ya kwanza, ile 8 ya maelfu, imesimama imara. Ile ya mamia imetoka 2 ikawa 0. Za makumi na mamoja hazina maana yoyote, na zile senti 45 ni pambo tu.

Huo ndio mtihani mzuri wa kujua ni tarakimu ngapi unaruhusiwa kuonyesha. Badilisha kidogo kile usicho na uhakika nacho, kwa kiasi ambacho kingeweza kuwa kweli, kisha upige hesabu upya. Tarakimu zinazobaki pale pale, ziandike. Zinazoyumba, ziache. Kwa Makueni, unaweza kusema "takriban Sh8,000 kwa kila mkazi" na ukalala usingizi. Ama useme "takriban Sh8,200 kwa kila mtu aliyehesabiwa mwaka 2019", kwa sababu hapo umemwambia msomaji wazi umegawa kwa nini. Yote mawili ni kweli. Sh8,234.45 bila maelezo ndiyo inayojifanya inajua mambo isiyoyajua.

Kwa hivyo usimhukumu mtu kwa sifuri zake. Sifuri mwishoni mwa namba si uvivu. Zikiwekwa vizuri, zinamwambia msomaji: uhakika wetu unaishia hapa. Na kinyume chake, tarakimu nyingi si ushahidi. Pesa ya mgao ni kamili hadi shilingi kwa sababu imeandikwa kwenye sheria. Idadi ya watu ni kamili kwenye jedwali la sensa kwa sababu ndicho kilichohesabiwa wakati ule. Lakini ukigawa kitu kamili kwa kitu kinachosonga, jibu linasonga pia.

Kuna namba, hata hivyo, ambazo hazifai kuguswa kabisa. Sensa ya 2019 ndiyo iliyokuwa ya kwanza nchini kuwahesabu huntha, watu wenye jinsia mbili, kama kundi lao. Makueni walikuwa 20. Wanaume walikuwa 489,691 na wanawake 497,942. Sasa weka jedwali lako lote kwa maelfu: wanaume 490,000, wanawake 498,000, jumla 988,000. Inajumlika vizuri ajabu. Na huntha je? Kwa maelfu, 20 inakuwa 0. Jedwali lako limewafuta watu ambao nchi iliwahesabu kwa mara ya kwanza, na halina kosa hata moja la hesabu.

Kati ya "wachache" na "hakuna" kuna tofauti ya maana, si ya kiasi tu. Kwa hivyo kanuni ya kipimo kimoja ina mpaka wake. Pale ambapo kukadiria kunageuza kitu kuwa sifuri, namba ndogo iachwe kamili, na uandike chini ya jedwali kwamba zile kubwa zimekadiriwa kwa maelfu na ile ndogo haikukadiriwa. Sentensi moja inatosha.

Nimalizie na lugha, maana Kiswahili chetu kina mitego yake. Neno "karibu" mbele ya namba huashiria bado hatujafika: karibu milioni moja ni chini kidogo ya milioni. "Zaidi ya" ni tumevuka. "Takriban" ni huku au kule. Ukisema Makueni ilikuwa na "zaidi ya watu milioni moja" kwenye sensa ya 2019, umedanganya, hata kama ulikosea kwa watu 12,000 na kitu. "Zaidi ya 980,000" ni kweli. Na "takriban 987,653" ni vichekesho: ukishataja hadi mtu wa mwisho, hiyo takriban inafanya nini hapo?

Ukiisoma kwa sauti, kwenye video au redioni, hatari ni nyingine. Ongezeko la Makueni kati ya sensa mbili, kwa maelfu, ni 103,000. Mtangazaji akisema "elfu mia moja na tatu", wewe umesikia nini? Inaweza kuwa 103,000. Inaweza pia kuwa 100,003. Masikio hayana koma. Sema "laki moja na elfu tatu" na hakuna atakayepotea. Kama wasikilizaji wako hawatumii laki, sema "watu mia moja na tatu elfu", elfu ikae mwisho. Na ukiandika, andika tarakimu au "103,000", kisha umwachie msomaji macho yake.

Basi ule muhtasari wa kaunti zetu ungesomeka vipi? Mimi ningeuandika hivi: Kwa sensa ya Agosti 2019, Makueni ilikuwa na watu takriban 990,000 na Kitui takriban 1,140,000. Katika mwaka wa fedha wa 2021/22, Makueni iligawiwa Sh8.13 bilioni na Kitui Sh10.39 bilioni, tofauti ya Sh2.26 bilioni. Kwa kila mtu aliyehesabiwa mwaka 2019, hiyo ni takriban Sh8,200 Makueni na Sh9,100 Kitui.

Ni sentensi tatu tu. Hakuna namba iliyo ndefu kupita kiasi, kila moja ina mwaka wake, na mtu wa kikao akitoa 8.13 kwenye 10.39 mbele ya watu, anapata 2.26 ile ile uliyoandika. Hilo la mwisho nalo ni jambo la kukagua kabla ya kutuma, kwa sababu namba zilizokadiriwa mara nyingine hazijumliki hadi tarakimu ya mwisho. Zikikataa, usizilazimishe kwa kubadilisha moja. Andika tu kwamba jumla zinaweza kutofautiana kidogo kwa sababu ya kukadiria.

Wa Mukuyuni ya Makueni akisoma hizo sentensi tatu ataona kaunti yake ilipata kidogo kwa kila kichwa, na wa Mukuyuni ya Kitui ataona alivyo na barabara ndefu za kujenga kwa pesa hizo. Wabishane, na wabishane sana, ila iwe kuhusu Sh900 zilizopo kweli, si Sh1,000 na ushei zilizotoka kwenye simu ya mtu aliyekuwa na haraka.